Kipeperushi cha shughuli ya mtaa kwa Canva ya bure: kuanzia maneno hadi faili la mchapaji

Maswali ni yale yale kila mara mtu anapopewa kazi ya kutengeneza kipeperushi cha kikundi chake. Nitumie apu gani? Mbona kwenye simu kinaonekana safi ila kikichapwa kina ukungu? Nembo naitoa wapi? Mwongozo huu ni kwa yule aliyeangushiwa kazi hiyo kwenye kikao kwa sababu tu "wewe unajua simu".

Nitatumia Canva, toleo la bure, na mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kikundi cha mtaa kinachoandaa siku ya kusafisha mitaro. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza ili usihangaike kuyatafuta.

Apu nyingine zipo. Adobe Express inafanya kazi inayofanana sana na ya Canva. PosterMyWall ina violezo vingi vya matangazo, lakini faili la bure hutoka na alama ya kampuni juu yake. PixelLab ya Android inafaa kama mtandao wako ni wa kubahatisha, maana maneno na maumbo unayapanga bila intaneti, ila violezo vyake ni vichache. Ukishaijua moja, nyingine utaizoea haraka. Usipoteze jioni nzima kuzilinganisha.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti, na akaunti ya bure ya Canva. Kama kuna kompyuta ya kuazima, itumie walau kwa hatua za mwisho, kwa sababu baadhi ya menyu hazionekani vizuri kwenye simu.
- Taarifa zilizothibitishwa: siku, tarehe, saa, mahali, na namba ya mtu atakayepokea simu kweli.
- Picha moja nzuri, kama utatumia picha. Iwe faili lenyewe kutoka kwenye simu iliyoipiga, isiwe ile iliyozunguka kwenye makundi matatu ya WhatsApp.
- Jibu la mchapaji kwa maswali matatu: atachapa kwa rangi au nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ya ukubwa gani, na je, anakata kingo au anatoa karatasi kama ilivyotoka kwenye mashine?

Hilo jibu la mchapaji watu hulitafuta mwishoni, wakati kazi imeshakwisha. Litafute sasa. Mashine nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni mwa karatasi. Huacha ukanda mweupe wa milimita kadhaa pande zote. Ukitengeneza kipeperushi chenye kijani kizima hadi pembeni, kitatoka na fremu nyeupe ambayo hukuipanga, na mara nyingi upande mmoja utakuwa mpana kuliko mwingine. Kama mchapaji hakati kingo, tumia mandharinyuma meupe tangu mwanzo na tatizo hilo halitakuwepo.

## Hatua ya 1: Andika maneno kabla hujafungua apu

Hapa ndipo vipeperushi vingi huharibikia, na hakuna apu inayoweza kurekebisha. Kwenye mfano wetu, ujumbe uliotumwa na kamati ni huu:

> Kamati ya usafi ya mtaa kwa kushirikiana na vijana wote inapenda kuwakaribisha wakazi wote, wake kwa waume, wazee kwa vijana, katika zoezi kubwa la usafi wa mazingira litakalofanyika siku ya Jumamosi tarehe 14 mwezi wa 3 kuanzia saa mbili kamili asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi, ambapo tutasafisha mitaro yote. Unaombwa kuja na kifaa chochote cha usafi. Usafi ni jukumu letu sote. Wote mnakaribishwa.

Ni maneno zaidi ya 60, na mpita njia anakitazama kipeperushi kwa sekunde chache tu. Ukiyabandika yote, itabidi uyapunguze ukubwa hadi yasisomeke. Yachuje kwa kujiuliza: mtu akikosa taarifa hii, atashindwa kufika? Kama hatashindwa, neno hilo linatoka. Baada ya mchujo tunabaki na haya:

> TUSAFISHE MITARO YETU
> Jumamosi 14 Machi, saa 2 asubuhi
> Uwanja wa shule ya msingi
> Njoo na jembe, koleo au fagio. Glavu zipo.
> Maswali: (jina na namba ya mratibu)
> Kamati ya Usafi ya Mtaa

Tazama kilichobadilika. Kichwa sasa kinamwambia mtu anachokuja kufanya, badala ya "zoezi kubwa la usafi wa mazingira". "Kifaa chochote" kimekuwa vifaa vitatu vinavyotajwa kwa majina. Mistari ya "wote mnakaribishwa" na "jukumu letu sote" imeondoka, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Mwenyekiti akilalamika kwamba salamu zake zimekatwa, mwambie zitawekwa kwenye ujumbe wa WhatsApp utakaosindikiza picha. Huko nafasi haina mwisho.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye maneno hayo. Kwanza, fungua kalenda uhakikishe kwamba tarehe 14 ni Jumamosi kweli. Siku na tarehe zisizolingana ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Pili, saa. Sisi tunasema saa 2, simu inasema 8:00. Ukiandika "8:00" peke yake, wapo watakaosoma saa nane mchana. Andika "saa 2 asubuhi", na neno "asubuhi" lisiachwe hata kama nafasi ni finyu.

## Hatua ya 2: Fungua ukurasa wenye vipimo sahihi

Kwenye Canva bonyeza alama ya kujumlisha, kisha `Custom size`. Badilisha kipimo kutoka `px` kwenda `mm`, andika upana 148 na urefu 210. Hiyo ni A5, nusu ya karatasi ya kawaida ya A4, na ndiyo saizi ninayoipendekeza kwa kipeperushi cha kugawa mkononi.

Sababu ni kwamba karatasi za A zote zina uwiano mmoja wa upana na urefu. Karatasi moja ya A4 inabeba A5 mbili bila kubaki kipande, kwa hiyo nakala 200 zinatumia karatasi 100 tu. Na ukitaka kubandika ukutani, muundo ule ule unakuzwa hadi A4 au A3 bila kupindisha kitu chochote.

Angalizo: usianze kwa kutafuta neno "flyer" na kufungua kiolezo cha kwanza kinachopendeza. Violezo vingi vimetengenezwa kwa karatasi ya Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Ni pana kidogo na fupi kuliko A4. Ukiichapa kwenye A4 utapata nafasi tupu juu au chini, au herufi za pembeni zitakatwa.

Kosa lingine ni kuanza na mraba wa pikseli 1080 kwa 1080 kwa sababu "ni wa mitandaoni", kisha kuupeleka huo huo ukachapwe bango la A3. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297, karibu inchi 11.7. Gawanya pikseli 1080 kwa 11.7 unapata takriban 92 kwa kila inchi, wakati uchapaji safi unahitaji kama 300. Huo ndio ule ukungu unaoulizwa kila siku. Ukianza na kipimo cha karatasi, kutoa toleo dogo la simu baadaye ni rahisi. Kinyume chake hakiwezekani.

## Hatua ya 3: Chukua kiolezo, kisha kivue

Ukurasa ukishafunguka, ingia `Templates` au `Design` na utafute kwa Kiingereza kitu kama `community event`. Kwenye kichujio chagua `Free`. Vitu vyenye alama ya taji ni vya kulipia. Ukivitumia, Canva itakuacha ufanye kazi yote, kisha kwenye kupakua ndipo itakapodai malipo au kukupa faili lenye alama zake zilizopita juu ya picha.

Usichague kiolezo kwa sababu ya picha yake au rangi zake, hivyo vyote utavibadilisha. Angalia mpangilio: je, kina sehemu moja kubwa ya kichwa, sehemu moja ya tarehe na mahali, na nafasi tupu ya kutosha? Kiolezo chenye visanduku vinane vya maneno kitakulazimisha utafute maneno ya kuvijaza.

Ukishakipata, futa mapambo. Majani ya pembeni, nyota, mawimbi, vivuli. Futa hadi ubaki na muundo wenyewe, kisha rudisha kimoja tu kama kweli kinahitajika. Mara nyingi hutarudisha hata kimoja.

## Hatua ya 4: Panga maneno kwa ngazi tatu za ukubwa

Ukubwa wa herufi uwe wa aina tatu tu: kichwa, tarehe na mahali, halafu vingine vyote. Tofauti kati ya ngazi iwe ya kuonekana waziwazi. Kama maelezo ni saizi 12, tarehe iwe kama 22 na kichwa 44 au zaidi. Ngazi zikikaribiana, macho hayajui yaanzie wapi.

Kwenye mfano wetu, "TUSAFISHE MITARO YETU" inachukua theluthi ya juu ya ukurasa kwa mistari mitatu, neno moja kila mstari. Tarehe na saa zinakaa katikati kwa herufi nene, na mahali panafuata chini yake kwa ukubwa ule ule, kwa sababu ni taarifa zenye uzito sawa. Mstari wa vifaa na ule wa mawasiliano unakuwa mdogo, chini kabisa.

Fonti iwe moja, au mbili ukizidi sana. Chagua fonti iliyonyooka isiyo na madoido, kama Montserrat au Open Sans, na tofauti uilete kwa unene. Fonti za mwandiko wa mkono ziache kwa kadi za harusi. Pia nyingi za mapambo hazina alama nzuri ya ng'. Andika neno "ng'oa" kwa fonti uliyoichagua uone. Kama kile kikato kinakaa mbali na herufi au kinageuka kisanduku, tafuta fonti nyingine.

Yote yapangwe upande mmoja, kushoto au katikati, usichanganye. Na acha angalau milimita 8 tupu kutoka ukingoni kila upande. Herufi zilizosukumwa pembeni ndizo zinazokatwa na mashine.

Kama utatoa pia bango la A3 la kubandika ukutani, kipimo cha kukumbuka ni hiki: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 inasomeka bila taabu kutoka umbali wa mita 3 hivi. Pima kichwa chako kwa rula kwenye nakala iliyochapwa, usikadirie kwa macho kwenye skrini.

## Hatua ya 5: Rangi mbili na picha moja

Chukua rangi moja iliyokolea, pamoja na nyeupe. Kwa usafi tumechagua kijani kilichokolea sana, `#14532D`. Gusa kisanduku cha rangi, andika namba hiyo, na itakuwa ile ile kila mahali. Ukichagua kijani kwa kidole kila mara, utaishia na vijani vinne vinavyogombana.

Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Ndiyo maana rangi za kuwaka, hasa kijani cha ndimu, buluu ya umeme na waridi kali, hutoka zimefifia kwenye karatasi. Canva ya bure haikupi faili la CMYK, mfumo wa rangi wa wachapaji, kwa hiyo njia salama ni kuepuka rangi hizo tangu mwanzo. Rangi za giza hubadilika kidogo tu.

Picha: ikiwa ni nzuri, iweke kubwa. Ikiwa ni mbaya, iache kabisa. Kipeperushi cha maneno matupu yaliyopangwa vizuri kinashinda chenye picha yenye ukungu. Kwa kujaza A5 nzima picha inahitaji kama pikseli 1748 kwa 2480. Fungua maelezo ya picha kwenye simu yako uone. Kamera za simu nyingi za leo zinavuka hapo, lakini picha iliyopitia WhatsApp huwa imepunguzwa sana.

Usichukue picha kwenye matokeo ya utafutaji wa mtandaoni. Nyingi zina wenyewe. Pexels na Unsplash hutoa picha za kutumia bure, na Canva ina zake. Na kama picha ina sura za watu mnaowajua, hasa watoto, wazazi waulizwe kwanza.

Maneno juu ya picha huleta shida moja: sehemu fulani ya picha ni nyeupe, sehemu ni nyeusi, na herufi zinapotelea mahali fulani. Weka kisanduku cha rangi nzima chini ya maneno. Vivuli na mistari ya kuzunguka herufi havisaidii vya kutosha.

## Hatua ya 6: Nembo

Kama kikundi chenu kinaandaa shughuli hii moja tu, hamhitaji nembo. Andikeni jina la kikundi kwa fonti ile ile, chini, na yatosha. Nimeona vikundi vikitumia wiki mbili kubishana kuhusu nembo huku kipeperushi hakijatoka.

Kama kikundi kitadumu, tengenezeni kitu chepesi: umbo moja, jina, rangi moja. Fungua ukurasa wa pikseli 1000 kwa 1000, chora duara au mraba kutoka `Elements`, weka herufi za mwanzo ndani na jina kamili chini. Kisha lifanyie majaribio mawili. Lipunguze hadi liwe na upana wa kidole gumba: bado linasomeka? Ligeuze nyeusi na nyeupe: bado linatambulika? Nembo zenye mikono inayoshikana, dunia, njiwa na mwali wa moto kwa pamoja hufeli jaribio la kwanza papo hapo.

Mfahamu pia kwamba michoro ya kwenye maktaba ya Canva inatumiwa na mtu yeyote. Huwezi kusajili nembo iliyotokana na mchoro huo kama alama yenu ya biashara. Kwa kamati ya mtaa si tatizo. Kwa kikundi kinachotaka kuuza bidhaa ni tatizo.

Canva ya bure haitoi PNG yenye mandharinyuma yasiyoonekana, kwa hiyo nembo itakuja na kisanduku cheupe. Ukiiweka kwenye sehemu nyeupe ya kipeperushi, kisanduku hakitaonekana. Vinginevyo itengeneze kwenye PixelLab, ambayo inakuruhusu kuondoa mandharinyuma na kuhifadhi PNG bure.

Kwa nembo za wafadhili, omba faili lenyewe la PNG, SVG au PDF. Picha ya skrini ya ukurasa wao wa mitandaoni itatoka na vumbi pembeni, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuiona. Nembo zote zikae mstari mmoja chini, zenye kimo kinacholingana.

## Hatua ya 7: Namba ya simu na msimbo wa QR

Namba iandike kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu. Namba iliyounganishwa yote inakosewa kupigwa.

Msimbo wa QR si lazima. Ukiutaka, uelekeze kwenye ramani ya mahali au kwenye mazungumzo ya WhatsApp ya mratibu. Kiungo cha WhatsApp huanza na `https://wa.me/` kisha namba yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ndani ya Canva nenda `Apps`, tafuta `QR code`, bandika kiungo. Msimbo wa namna hiyo hauishi muda wake. Jihadhari na tovuti zinazotoa misimbo "ya bure" inayopitia kwenye seva zao. Baadhi huizima muda wa majaribio ukiisha, wakati vipeperushi vyako tayari viko mitaani.

Upana wake usipungue sentimita 2, uwe mweusi juu ya nyeupe, na uache ukanda mweupe kuuzunguka.

## Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kupakua

Mpe mtu mmoja ambaye hajashiriki kabisa, mwoneshe kwa sekunde tano, kisha uifiche simu. Muulize ni nini, lini, wapi. Atakachoshindwa kukijibu ndicho cha kukuza.

Kisha soma neno kwa neno ukianzia mwisho kwenda mwanzo. Kibodi ya simu iliyowekwa Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili kimyakimya, na macho yako yaliyochoka hayataona. Piga ile namba kutoka kwenye kipeperushi chenyewe, si kutoka kwenye kumbukumbu ya simu. Mwisho, piga picha ya skrini na uigeuze nyeusi na nyeupe kwenye galari ya simu. Sehemu itakayoungana na nyingine hapo, itaungana pia kwenye mashine ya nakala.

## Hatua ya 9: Toa faili la karatasi

Bonyeza `Share`, kisha `Download`. Kwenye `File type` chagua `PDF Print`. Usichague JPG kwa ajili ya kuchapa: ndani ya PDF herufi hubaki herufi, kwa hiyo hukuzwa hadi A3 bila ukungu. Picha pekee ndiyo inayoweza kufifia.

`Crop marks and bleed` iwashe tu kama rangi inafika ukingoni na mchapaji anakata. Hapo rangi inatakiwa ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3, na kwenye kompyuta unaweza kuona mpaka huo kwa kuwasha `Show print bleed` ndani ya `File`, sehemu ya `Settings`. Kipeperushi chetu kina mandharinyuma meupe, kwa hiyo tunaiacha.

Mtumie mchapaji kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama `Document`. Mwandikie wazi: "A5, mbili kwenye kila A4, rangi, nakala 200, usipunguze ukubwa." Omba nakala moja kwanza. Ishike kwa urefu wa mkono usome mstari mdogo kuliko yote. Ukikunja macho, rudi ukaukuze, kisha ndipo umruhusu achape zote.

## Hatua ya 10: Toa toleo la simu

Usitume ile PDF kwenye makundi, wengi hawataifungua. Fungua ukurasa mpya wa `Custom size`, pikseli 1080 kwa 1350, nakili vitu kutoka kwenye kipeperushi na uvibandike. Kitufe cha `Resize` kingefanya hivyo chenyewe lakini ni cha kulipia. Ondoa QR, maana si rahisi mtu kuskani skrini ya simu aliyoishika mwenyewe, na nafasi hiyo ongeza ukubwa wa tarehe. Kwa ajili ya status tumia 1080 kwa 1920, na usiweke kitu muhimu juu kabisa wala chini kabisa, kwa sababu jina lako na sehemu ya kujibu hufunika huko.

Pakua kama PNG. Unapoituma kwenye WhatsApp chagua HD. Namba ya mratibu iandike pia kwenye ujumbe wenyewe, ili mtu aiguse na kupiga.

## Kikikwama

Picha ina ukungu kwenye karatasi tu. Picha ni ndogo, au uliyempelekea alipokea kama picha ya kawaida badala ya `Document`. Mwulize mchapaji faili lake lina ukubwa gani. Kama ni kilobaiti chache wakati lako ni megabaiti, ilibanwa njiani.

Canva inadai malipo wakati wa kupakua. Kuna kitu kimoja chenye taji. Orodha itakayotokea inakionyesha. Kibadilishe na kingine cha bure.

Kitu hakisogei ukikigusa. Kimefungwa. Kiguse, tafuta alama ya kufuli, ifungue. Kama unashika kitu kingine kila mara, kuna kisanduku kikubwa kisichoonekana juu yake. Tumia `Position` kukishusha.

Herufi zimebadilika kwenye kompyuta ya mchapaji. Pakua PDF tena ukiwa umeweka tiki kwenye `Flatten PDF`.

Faili ni kubwa mno kutumwa. Karibu kila mara ni picha. Jaribu `PDF Standard`, kwa kipeperushi cha maneno mengi na picha ndogo tofauti haitaonekana sana. Kwa bango la A3 lenye picha kubwa, mpelekee kwa flashi.

QR haisomeki ikichapwa. Umeipaka rangi hafifu, umeibana, au umeiweka juu ya picha. Irudishe nyeusi kwenye nyeupe na uijaribu kwa simu mbili tofauti.

Tarehe imebadilika na kipeperushi kimeshasambaa. Usirekebishe tarehe tu na kutuma tena, watu watadhani ni kile kile na hawatakifungua. Badilisha rangi kuu, kwa mfano kutoka kijani kwenda chungwa iliyokolea, weka maneno TAREHE MPYA juu kabisa kwa ukubwa wa kichwa, na kwa vile vya karatasi vilivyobandikwa, chapa vibandiko vidogo vya tarehe na uvizungukie kimoja kimoja.